UZI: Mama ameniandikia barua kabla sijaenda kuolewa Ujerumani. Kuna mstari sielewi

#1 NyarAhero
Hamjambo wote. Nasafiri Alhamisi ijayo, Kisumu hadi Nairobi halafu Ujerumani, mji wa Dortmund. Harusi itafanyika huko. Jana usiku mama yangu, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, aliniwekea barua ya kurasa nne ndani ya viatu vyangu. Nimelia, nimecheka, halafu nikafika kwenye mstari mmoja nikakwama. Nimemuuliza, akasema, "Soma tena." Nimesoma mara sita.

Nainakili hapa, nikiwa nimeondoa majina na mambo mawili ya familia. Ayie mtakayoiona humo ni ile pesa ya mama kukubali binti aolewe:

"Mwanangu, salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwako, ingawa kwa sasa uko chumba cha pili unaongea na simu.

Ninaandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utasema 'sawa mama' kabla sijamaliza. Karatasi haikatizwi.

Mimi nilitoka Butere kwa garimoshi mwaka 1988, nikashuka Kisumu, nikapanda matatu hadi Ahero. Wewe hucheka kwamba huko ni karibu. Lakini nilifika mahali ambapo watu wakicheka sijui wanacheka nini. Kwa miezi minane nilijibu 'eee' kwa kila kitu. Nyanya yako akawatangazia majirani kwamba mke wa mwanawe ni mpole. Sikuwa mpole. Sikuwa na maneno.

Umepita ule mtihani wa Kijerumani na nimefurahi. Nilikipitia kitabu chako ulipokuwa sokoni. Unajua kutaja jina lako, kuuliza bei ya mkate na kusoma saa. Sikuona mahali wanapofundisha 'sitaki', wala 'ameniumiza', wala 'naomba kuongea na wewe bila yeye kuwepo'. Hayo matatu yajue kabla ndege haijatua.

Pasipoti yako ilale unapolala wewe. Usiiweke kwenye droo ya pamoja eti kwa sababu mmekuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauna pasipoti moja.

Yule bwana aliyekuja mwezi wa tatu kuuliza kama umewahi kuolewa, nilimpa chai nikamjibu hapana. Na ayie nilikuwa nimekwisha kuipokea Desemba kwa mikono hii. Sikusema uongo, sikusema kweli, na jambo hilo bado limenikaa kooni.

Ukiwa na shida ambayo huwezi kuitaja mbele yake, niulize kama yule kuku mweupe ametaga. Sitauliza zaidi. Nitajua.

Usitume pesa mwezi wa kwanza. Wa pili pia usitume.

Sanduku la bati usilifunge kwa kufuli mpaka mvua tatu zipite."

Halafu akatia sahihi. Huo mstari wa mwisho ndio unaonisumbua. Sanduku lenyewe lipo: ndilo alilokuja nalo kutoka Butere, na mimi nikasomea nalo shule ya bweni. Mnauelewaje?

#2 Omosh_Kondele
Aki mama yako ni moto. "Mwili mmoja hauna pasipoti moja." Hiyo naandika ukutani.

#3 FundiNjoro
Dada, kuhusu sanduku la bati, mimi nakushauri usisafiri nalo. Tikiti nyingi za daraja la kawaida zinakupa kilo 23 kwa mzigo mmoja, na bati tupu linakula uzito mwingi. Tena pembe zake zitachana mizigo ya wenzako. Nunua begi la magurudumu hapo Oginga Odinga Street. Na kweli usilifunge kwa kufuli, maana wakaguzi wa uwanja wa ndege wakitaka kulifungua watalivunja.

#4 Omosh_Kondele
@FundiNjoro buda, umesoma barua au umesoma neno "sanduku" ukakimbilia gereji?

#5 FundiNjoro
Nimesoma. Mama amesema usifunge kwa kufuli. Mimi nimeeleza sababu.

#6 Mwalimu_Wesonga
Hongera kwa mama. Barua ya mama kwa binti si jambo geni katika lugha hii. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Yeye aliweka uzito kwenye kumridhisha mume. Mama yako kageuza meza, kaweka uzito kwenye mlango wa kutokea.

Kuhusu mstari: sanduku ni moyo. "Usilifunge kwa kufuli" maana yake usijifungie kwa hasira au upweke hadi uzoee. Mvua tatu ni misimu. Huku kwetu mvua ndefu huanza Machi na mvua fupi Oktoba, kwa hiyo mvua tatu ni kama mwaka mmoja na nusu. Huo ndio muda wa kuvumilia ugeni.

#7 Mkulima_Molo
Mwalimu, heshima yako, lakini mkulima akisema "mvua" mara nyingi anahesabu ile ndefu, ya mahindi. Mvua fupi wengine hawaihesabu kabisa. Mvua tatu ni miaka mitatu.

#8 Mwalimu_Wesonga
Molo mna msimu mmoja mrefu wa mahindi, kweli. Mama huyu ni wa Butere. Kule hupandwa mara mbili kwa mwaka.

#9 NyarAhero
Na Ahero kuna mpunga wa kunyunyizia, kwa hiyo huko hata hatungoji mvua 😂. Asante Mwalimu.

#10 Min_Baraka_Bungoma
Mwanangu, mimi nitakuacha na mvua zako nikusimulie langu. Binti yangu aliolewa nchi ya Ghuba, siitaji. Wiki ya kwanza mume akamwambia, "Lete pasipoti niiweke salama pamoja na yangu." Alifurahi, akaona anatunzwa. Miezi saba baadaye nikafiwa na mama yangu, akataka kuja kuzika. Pasipoti haikuonekana. Mara iko ofisini, mara kabati limepotea ufunguo. Hakupigwa hata siku moja. Mume alikuwa mtu wa kusali. Ila hakuja kuzika.

Kwa hiyo uliposoma hapo kwa mama ukacheka, rudi usome bila kucheka.

#11 Omosh_Kondele
Pole sana mama. Na mabwana wa nje ni hivyo, mzungu anataka kumiliki kila kitu hadi karatasi.

#12 NyarAhero
@Omosh_Kondele nani amesema mzungu? Mume wangu mtarajiwa ni mtu wa Ugenya, Siaya. Amekaa Ujerumani miaka 14 na ana uraia wa huko. Anaongea Dholuo kukuzidi.

#13 Omosh_Kondele
😳 Nimeketi.

#14 Nyako_wa_Ruhr
Habari dada, mimi niko upande huo miaka 11, si mbali na Dortmund. Karibu, ulete omena.

Kwa kuwa ni mtu wa Ugenya, sasa naelewa kuku mweupe. Angekuwa mzungu ungeongea Kiswahili mbele yake bila wasiwasi. Huyu anaelewa lugha zako zote, ndiyo maana mama kaweka fumbo. Amefikiri kuliko sisi.

Na hiyo miaka mitatu ya Mkulima isiwapite. Ukifika kwa njia ya ndoa, kibali chako cha kukaa kinasimama juu ya ndoa hiyo. Mkiachana mapema, kinatikisika. Sheria yao ya ukaaji, kifungu cha 31, inampa mke kibali chake mwenyewe baada ya kuishi pamoja na mume kihalali nchini humo kwa miaka mitatu. Mvua tatu, dada. Mama yako anajua sheria.

#15 WakiliMdogo_Nakuru
Naunga mkono ila narekebisha. Ni miaka mitano, si mitatu. Na pili, akichukua uraia wa Ujerumani anapoteza wa Kenya, kwa hiyo "usilifunge sanduku" ni kusema usikate uraia wako. Hata huyo bwana ameshapoteza wake.

#16 Nyako_wa_Ruhr
Wakili, hapo umechanganya vitu viwili. Miaka mitano ndiyo muda wa kawaida wa kuishi kule kabla ya kuomba uraia. Mimi naongelea kibali cha mke kusimama peke yake, na hiyo ni mitatu.

Tena mitatu hiyo ina masharti ambayo watu huyakosea. Haihesabiwi tangu ayie, wala tangu harusi ya nyumbani, wala tangu mlipoanza kupendana kwenye simu. Inahesabiwa tangu mnapoishi pamoja kule kama mume na mke, wewe ukiwa na kibali. Dada yetu anaenda na viza ya kufunga ndoa, kwa hiyo hata wiki za mwanzo kabla ya harusi hazimo. Namjua mmoja aliyehesabu tangu siku alipotua. Alihama nyumba akidhani ametimiza, kumbe bado miezi miwili na nusu. Ile ofisi ya wageni inaangalia tarehe tu.

Na kama kuna kipigo au mateso, hiyo mitatu hailazimiki. Kifungu hichohicho kina mlango wa shida kubwa, na ukatili wa mume umo. Tatizo ni ushahidi. Nenda kwa daktari siku ileile, aandike alichoona. Kuna namba ya simu ya wanawake wanaoteswa, 116 016, bila malipo, usiku na mchana, na wana wakalimani. Polisi ni 110.

#17 WakiliMdogo_Nakuru
Sawa, nakubali kuhusu mitatu. Lakini uraia nashikilia.

#18 Mwalimu_Wesonga
Wakili, Katiba ya 2010, ibara ya 16: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kuchukua wa nchi nyingine. Umebaki na katiba ya zamani.

#19 Nyako_wa_Ruhr
Mwalimu ni sahihi kwa upande wa Kenya. Wakili naye hajatunga hewani, maana kizuizi kilikuwa upande wa Ujerumani. Wao walikuwa wanakutaka urudishe uraia wako wa kwanza ndipo wakupe wao. Hilo liliondolewa tarehe 27 Juni 2024. Kwa hiyo bwana wa Ugenya, kama alichukua kabla ya hapo, huenda kweli alirudisha wa Kenya, na kama ni wa kuzaliwa anaweza kuuomba tena. Dada, ukifika siku hiyo, kumbuka pia Kenya inataka uwaarifu ndani ya miezi mitatu kwamba una uraia wa pili.

#20 WakiliMdogo_Nakuru
Basi nimeshindwa kwa nusu goli.

#21 FundiNjoro
Sanduku lina uzito gani likiwa tupu?

#22 Anti_Kapsabet
Nyinyi mnaongea sheria, hamjagusa ayie. Mimi hapo ndipo niliposimama. Mama anasema alimjibu yule bwana kwamba binti hajaolewa, na ayie ilikuwa imeliwa. Yule bwana ni nani kwanza?

#23 Nyako_wa_Ruhr
Ni mtu wa uhakiki. Ujerumani haiamini karatasi za Kenya kwa kuziangalia tu. Ofisi ya kufungisha ndoa kule inaomba ubalozi wao Nairobi uthibitishe, na ubalozi unamtuma mtu hadi kijijini. Anauliza kwa chifu, shuleni, kwa majirani: huyu ni nani, alizaliwa lini, amewahi kuolewa? Inachukua miezi. Na haji na tangazo.

Binamu yangu wa Yala aliharibikiwa hapo. Alikuwa na cheti chake cha kuonyesha hajaolewa, kila kitu safi. Mtu akafika, akamkuta jirani anayependa utani anachunga mbuzi. Akamuuliza, "Unamjua fulani?" Jirani akajibu, "Nani, mke wa mwalimu?" Mwalimu huyo waliwahi kuishi pamoja miaka miwili Luanda, wakaachana bila karatasi. Neno "mke" likaandikwa. Iliwachukua zaidi ya mwaka, na viapo vya wazee watatu akiwemo mwalimu mwenyewe, kulifuta.

#24 Anti_Kapsabet
Wueh. Kwa neno la mchunga mbuzi!

#25 WakiliMdogo_Nakuru
Hapa sasa mnisikilize, maana hapa nimesoma. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 43, inasema mahali ambapo mahari inatakiwa ili kuthibitisha ndoa ya kimila, malipo ya ishara tu yanatosha. Hamhitaji ng'ombe wote. Na ndoa ya kimila ni ndoa kamili kama ya kanisani. Kwa hiyo swali ni moja: ayie ni ishara ya mahari au si ishara? Kama ni ishara, dada aliposema ubalozini hajaolewa alikuwa ameolewa tayari, na mtu huyohuyo!

#26 Omosh_Kondele
Ayie maana yake "nimekubali". Ni pesa ya mama kukubali. Ng'ombe ndio wanaooa, ayie inafungua mlango. Kwetu mtu akitoa ayie akapotea, hakuna anayesema ameoa. Wanasema alikuja akaonekana.

#27 Jakobura_Nyakach
@Omosh_Kondele unasema hivyo kwa sababu hujafiwa. Mjomba wangu alitoa ayie tu, mke akafariki. Wakwe walisema huyu ni mke wenu, mzikeni kwenu, ila kwanza leteni ng'ombe. Kwa hiyo ayie ilitosha kumfanya mke siku ya msiba na haikutosha siku ya kudai. Ayie inabadilika kulingana na nani anauliza.

#28 Mwalimu_Wesonga
Hilo la Jakobura ndilo jibu zuri kuliko yote humu, na ndilo lililomkaa mama kooni.

#29 WakiliMdogo_Nakuru
Mahakamani haliwezi kuwa jibu. Ama umeoa ama hujaoa. Sheria inataka ndoa ya kimila iarifiwe kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Neno ni KUKAMILIKA. Je, sherehe zilikamilika Desemba? Dada atujibu.

#30 NyarAhero
Ng'ombe hawajaja. Wazee walikubaliana wanane na mbuzi, wataletwa baada ya sisi kurudi likizo. Desemba ilikuwa ayie na chakula tu. Baba mdogo alisema wazi mbele ya watu, "Bado hatujaoza, tumefungua tu njia." Kuna video.

#31 WakiliMdogo_Nakuru
Hiyo video itunze. Kwa maoni yangu hukudanganya. Lakini ningekuwa mimi, siku ile ubalozini ningetaja ayie mwenyewe na kueleza hivyo hivyo, kuliko kungoja jirani aitaje.

#32 Nyako_wa_Ruhr
Hapo nakubaliana naye. Viza umeshapewa, usianze kuandika barua za kukiri leo usiku. Lakini msajili wa ndoa kule akikuuliza kama mlifanya sherehe yoyote nyumbani, usijibu "hapana" kwa haraka ya Kijerumani chako cha mwanzo, cha A1. Eleza, kwa mkalimani. Mtu mmoja akisema hapana na mwingine akionyesha picha za ayie kwenye simu, hapo ndipo mambo huanza kunuka.

#33 Jakobura_Nyakach
Mimi bado nasema ameolewa 😂

#34 Min_Baraka_Bungoma
Mwacheni mtoto alale. Mimi narudi kwenye sanduku. Mama yangu mzaa mama alikuwa na sanduku kama hilo. Alisema bibi harusi akilifunga mapema, mama mkwe anauliza kaficha nini. Akiliacha wazi, watu wanachungulia, wanaona leso mbili na sabuni, wanachoka. Baada ya muda hakuna anayechungulia tena, ndipo unaanza kuweka vitu vyako vya maana. Huenda mama anamwambia kwanza aonekane hana siri, siri zije baadaye.

#35 Anti_Kapsabet
Mimi nilifikiri tumbo. Usifunge, yaani... basi, watu wazima mmeelewa. Au kinyume chake, asizae hadi miaka mitatu.

#36 Omosh_Kondele
Anti kila uzi lazima ufike kwenye tumbo.

#37 Anti_Kapsabet
Wote mlipitia huko.

#38 Binti_wa_Milimani
Habari, mimi ni msomaji tu, sijawahi kuandika. Nauliza: mbona wote mnadhani sanduku linasafiri? @NyarAhero alisema ni la mama, lilitoka Butere. Labda linabaki Ahero. "Usilifunge" maana yake chumba chako na vitu vyako viko wazi hapa, usiondoke kama mtu aliyefunga hesabu. Kwa miaka mitatu ya mwanzo unaweza kurudi na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

#39 Nyako_wa_Ruhr
Nimesisimka. Na inalingana na ile ya pesa. Ukianza kutuma pesa mwezi wa kwanza, umekuwa nguzo ya nyumba. Nguzo hairudi nyumbani. Mimi nilituma mwezi wa kwanza, nikakopa kwa mume kutuma. Miaka miwili nilikaa mahali nisipotaka kwa sababu ada ya wadogo wangu ilipitia kwenye akaunti yake.

#40 Mkulima_Molo
Lakini kama linabaki Ahero, kwa nini amwambie YEYE asilifunge? Si angelifunga mama?

#41 Binti_wa_Milimani
Ufunguo uko kwa nani?

#42 NyarAhero
...Uko kwangu. Tangu kidato cha kwanza.

#43 Mwalimu_Wesonga
Naondoa moyo wangu wa #6. Kwa muda.

#44 Kijana_wa_Kaloleni
Swali la kijinga: dada ameweka fumbo la kuku mweupe hapa hadharani, na bwana wa Ugenya anasoma Kiswahili. Si limeharibika?

#45 Omosh_Kondele
😂😂😂 Huyu ndiye mwenye akili humu.

#46 NyarAhero
@Kijana_wa_Kaloleni si kuku, na si mweupe. Nilibadilisha kabla ya kuweka. Kwenye barua ni kitu kingine, na mama amekiandika Kimarama, lugha yake ya Butere. Mume wangu hajui hata neno moja la Kimarama.

#47 Kijana_wa_Kaloleni
Sawa. Nilikuwa naogopa kwa niaba yako.

#48 Nyako_wa_Ruhr
Nyongeza ndogo kuhusu fumbo, maana mimi nilikuwa na langu na dada yangu. Kubalianeni pia mama atafanya nini baada ya kulisikia. Mimi nilisema neno letu, dada yangu akaelewa, akaanza kulia kwenye simu, mume akauliza kuna nini. Mpe mama namba yangu, nitakutumia kwa ujumbe wa faragha. Yeye asikie, acheke kidogo kuhusu huyo mnyama wenu, akate simu, anipigie mimi. Mimi nina gari.

#49 NyarAhero
Nimepokea ujumbe. Sina maneno, kama mama mwaka 1988. Asante sana.

#50 Min_Baraka_Bungoma
Na zile sentensi tatu za Kijerumani?

#51 NyarAhero
"Sitaki" nilikuwa najua. Ile ya "naomba kuongea na wewe bila yeye kuwepo" nimeifanyia mazoezi leo kutwa nikipepeta mchele. Mama alikuwa ananisikiliza, akasema, "Irudie bila kutabasamu." Nilikuwa sijui natabasamu.

#52 Mwalimu_Wesonga
Umemuuliza tena kuhusu mvua?

#53 NyarAhero
Nimemsomea majibu yenu yote jioni, hadi ya Anti. Ya miaka mitatu ya sheria alishtuka kweli, akaniambia nimrudie polepole, akaandika kwenye daftari. Kwa hiyo sidhani alikuwa anaijua. Ya sanduku kubaki Ahero alinyamaza. Ya Min Baraka alisema, "Huyo mama ni wa wapi?" Halafu akatoka kwenda kuanua nguo, na mvua haikuwepo.

#54 Nyako_wa_Ruhr
Kunyamaza ni jibu.

#55 Jakobura_Nyakach
Kunyamaza ni ayie. Inategemea nani anauliza.

#56 FundiNjoro
Bado sijajibiwa kuhusu uzito.

#57 NyarAhero
@FundiNjoro nimelipima kwa mizani ya jirani anayeuza samaki. Kilo tisa likiwa tupu.

#58 FundiNjoro
Basi ukienda nalo umebakiwa na kilo kumi na nne za vitu. Na hizo pembe, zifunge kwa matambara.